Nyumba Iliyokatazwa Kelele

Wembe ulikuwa shingoni mwa mtu pale mfuniko wa ndoo ulipoanguka. Mpaka leo nikisimulia, naanzia hapo.

Mume wangu ni kinyozi na mimi ni msusi. Chumba chetu cha kazi ni kimoja, tumekigawa kwa pazia: upande wa mlango ni wake, upande wa dirisha ni wangu. Watu wanamwita Mkono wa Pamba, maana akikunyoa ndevu unaweza kulala ukakoroma. Siku hiyo alikuwa na mteja wake wa siku zote, dereva wa lori, baba mzima mwenye shingo nene, amelazwa kitini, povu hadi masikioni. Mimi nilikuwa nasuka, pazia nimelisogeza tupate hewa. Mteja wangu akanyoosha mguu, akaigonga ndoo ya kuoshea nywele, mfuniko ukaanguka sakafuni. Sauti ndogo, jamani. Mtoto mchanga angeendelea kunyonya.

Mume wangu akaruka. Macho yakafumba, mabega yakapanda, kichwa kikazama katikati ya mabega, vidole vikakaza. Na wembe ulikuwa ndani ya vidole hivyohivyo. Povu jeupe likageuka jekundu chini ya taya ya yule dereva, nami nikaachia nywele za watu nikapiga yowe.

Mungu ni mkubwa, ulikuwa mchubuko tu. Tulibana kwa taulo, damu ikakata. Dereva akajitazama kwenye kioo, akajichekesha, "Kinyozi, leo ulitaka kunichinja bila hata kunielekeza kibla?" Lakini tangu siku ile hakurudi. Mume wangu hakucheka. Aliuweka wembe mezani polepole, akakaa sakafuni, akaibana mikono yake katikati ya magoti kama mtu anayewashika wezi wawili wasikimbie.

Sasa msije mkadhani nimeolewa na mwoga. Miezi michache kabla ya hapo, nyuma ya ukuta wetu palikuwa na mgahawa. Mtungi wa gesi ulilipuka asubuhi, mume wangu akiwa peke yake dukani, mimi nikiwa bado nyumbani. Ukuta ukaja ndani, kioo chake cha kazi kikammwagikia kichwani, na mpishi wa mgahawa ule, kijana mcheshi aliyekuwa akitupitishia chai dirishani, akafa. Mume wangu alitoka na mikwaruzo. Watu wakasema ana bahati. Tukashukuru, tukajenga ukuta, tukanunua kioo kingine, tukasema yamepita.

Kumbe kwake hayakupita. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, nao wahenga hawakutuambia anashtuka mpaka lini. Alianza kuruka mlango ukibamizwa. Kisha akaruka kwa pikipiki ikikohoa. Kisha kijiko kikigonga sahani. Usingizi ukamwisha, na kwa sababu hakulala akawa anajimiminia kahawa kutwa nzima. Halafu vikaja vioo. Kinyozi hufanya kazi akiwa nyuma ya mteja, macho kwenye kioo cha mbele, na kwa kioo hicho anaona pia nani anaingia. Kimoja kinatosha. Yeye akatundika cha pili pembeni, cha tatu juu ya mlango, cha nne kwenye dari kabisa, amekiinamisha ili aone barabara. Nikamuuliza, "Hiki cha juu ni cha kunyolea popo?" Akasema wateja wanapenda. Uongo mtupu. Alikuwa anatazama mlango, ukuta, barabara, mlango tena, hata mkasi ukiwa kazini. Wateja wakapenda chumba kinavyong'aa. Mimi nilikuwa naona macho yake tu.

Baada ya mkasa wa dereva, kila mtu akawa tabibu.

Shemeji yangu, mdogo wake, fundi wa matairi, mtu wa mzaha asiyejua mzaha unaishia wapi, alikuja na tiba yake. "Dawa ya moto ni moto," akasema. "Mtu akiogopa sauti, mpe sauti mpaka azoee." Basi akawa anamnyemelea. Anapasua mfuko wa karatasi nyuma ya sikio lake. Anapiga makofi ghafla akiwa anakunywa chai. Kila mara mume wangu anaruka, chai inamwagika, shemeji anacheka anasema, "Jana uliruka zaidi!" Uongo mwingine. Kila siku aliruka zaidi. Ikafika mahali akimsikia tu mdogo wake akisalimia uani, rangi inamtoka usoni. Nilimwambia shemeji siku moja, "Ukimrudia tena, hiyo pampu yako ya upepo nitakupulizia mahali usipopapenda." Akaniona mkali. Mimi ni mkali, ndiyo.

Mama mkwe naye, tunayekaa naye, akaja na tiba ya upande wa pili. Yeye alitaka kimya. Akavalisha milango vitambaa. Akafunga redio kabatini. Sufuria zikawa zinatua mezani juu ya mataulo. "Mwanangu anahitaji utulivu," akasema, na nani atabishana na mama? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wageni wakaanza kunong'ona nyumbani kwetu kama tuna maiti chumbani.

Na kimya hicho kilimwangukia mwanetu. Binti yetu alikuwa hajaanza shule, na alikuwa mtoto wa kelele, tena kelele za kipaji. Alikuwa akiimba chooni, akigombana na kuku wa jirani, akimsimulia bibi yake habari zisizokuwa na kichwa wala miguu. Bibi akamfundisha, "Shhh, baba." Akafundishika. Akawa anatembea kwa vidole. Akawa anakohoa ndani ya mto. Mimi, kwa mahangaiko yangu, niliona amekuwa na adabu.

Kisha ikatokea ile ninayoiogopa kuliko wembe.

Ilikuwa mchana, nimerudi nyumbani kupika, naye baba mtu amekaa kwenye kigoda mlangoni, mgongo ameupa chumba. Mtoto alikuwa amezoea kutotoa sauti. Akamjia kwa nyuma kwa vidole vyake, akamwekea mikono machoni, mchezo wao wa zamani. Sikuona kiwiko kikienda. Nilisikia tu kishindo, nikageuka, nikamwona mwanangu chini, mdomo umepasuka, damu inachuruzika kidevuni. Na hakulia. Hilo ndilo lililonikata maini. Mtoto amepigwa na baba yake, ameanguka, damu inamtoka, na ameuziba mdomo kwa mikono miwili ili asipige kelele.

Mume wangu alimtazama, akakitazama kiwiko chake. Akataka kumwinua. Mtoto akajisogeza nyuma kwa makalio mpaka ukutani.

Siku iliyofuata nilimkuta anakunja nguo kwenye begi. "Nakwenda kulala dukani," akaniambia. "Nitakula huko, nitalala huko. Mimi si mtu wa kukaa na mtoto."

"Na mtoto nimwambie nini?"

"Mwambie baba yuko kazini."

"Mwambie mwenyewe!" nikasema, na hapo nikanong'ona, maana hata kugombana tulikuwa tunagombana kwa minong'ono. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Twende hospitali leo, la sivyo begi hilo nabeba mimi." Nilikuwa naogopa, nisiwadanganye. Niliogopa akienda dukani hatarudi, na niliogopa zaidi akibaki.

Akakubali kwenda, akidhani ni moyo. Daktari wa hospitali akamsikiliza moyo, akampima damu na tezi ya shingo, maana hata tezi, alisema, yaweza kumfanya mtu atetemeke na moyo umwende mbio. Majibu yakarudi mazuri. Mume wangu akakunja uso kama aliyetukanwa. "Kwa hiyo najifanyisha?" Daktari akasema hapana, akatuelekeza chumba cha mwisho, kwa mshauri wa afya ya akili. Njiani mume wangu akaninong'oneza, "Sasa nimekuwa kichaa rasmi." Nikamwambia, "Kichaa ni aliyetundika kioo darini. Ingia."

Mshauri alikuwa mama wa makamo. Kabla hatujakaa akatuambia, "Nitafunga mlango, utatoa mlio kidogo." Akaufunga. Mume wangu akashtuka kidogo tu, akamtazama yule mama kwa mshangao. Hakuna aliyewahi kumwambia kabla ya mlio.

Alimwacha aeleze yote, hadi kiwiko. Kisha akasema, "Kushtuka kwenyewe si ugonjwa. Sauti ikija ghafla, mwili unaruka kabla akili haijajua ni nini. Unafumba macho, unakunja shingo, unajilinda. Huwezi kuuzuia kwa kujikaza, basi acha kujitukana kwa ajili ya hilo."

Mimi nikadakia, "Mbona mie mfuniko haunirushi?"

"Unakurusha, ila kidogo, halafu unasahau. Wewe ulianzia chini. Yeye anaanzia juu. Ubongo una sehemu ya kulinda. Siku ya mlipuko ilifanya kazi yake, ikamtoa hai. Tangu hapo haijakubali kwamba hatari imekwisha. Inauweka mwili tayari kutwa: moyo juu, misuli imekaza, pumzi fupi, usingizi hakuna. Mtu aliyekwisha kukaza hivyo, sauti ndogo tu inamtosha. Na kahawa inamwongezea."

Akamuuliza anafanya nini ili ajisikie salama. Mume wangu akataja vioo, kwa fahari kidogo. Mshauri akatikisa kichwa. "Kila ukitazama mlango, unauambia mwili: endelea kukesha. Na jambo lisipotokea, mwili hauamini kwamba palikuwa salama. Unaamini kwamba kutazama kwako ndiko kulikokuokoa. Kwa hiyo kesho unatazama zaidi."

 Nilimwona mume wangu, habari ya kioo cha darini ikimwingia.

Habari za shemeji zilimkasirisha yule mama, nami nikafurahi, nakiri. Alisema mtu anayeshtukizwa bila hiari yake hazoei. Anajifunza kwamba hata ndugu wa kutaniana naye si salama. Lakini alipofika kwenye vitambaa vya mama mkwe, alisema na hivyo navyo havifai. Nyumba ikiwa kimya kabisa, kijiko kinachoanguka kinakuwa tukio kubwa, na mwili haupati nafasi ya kuona kwamba kijiko ni kijiko.

"Sasa tufanye nini," nikamuuliza, "ikiwa kelele ni sumu na kimya ni sumu?"

"Kelele anayoijua, aliyoichagua mwenyewe, ndogo kwanza. Irudiwe, naye abaki palepale mpaka mwili ushuke. Asikimbie." Akamwonyesha jinsi ya kuushusha: nyayo zote sakafuni, mabega yaachiwe, avute pumzi taratibu kupitia pua, kisha aitoe polepole zaidi ya alivyoivuta. Atazame chumba bila haraka na ajiambie alipo. "Hili halitazuia kushtuka. Litafupisha kinachofuata. Na wembe, uweke kando kwa sasa. Tumia mashine." Akampangia kurudi kila wiki, akamwambia kwamba siku ya mlipuko yenyewe itabidi waizungumze, kidogokidogo.

Na kuhusu begi? Aliuliza mume wangu mwenyewe, macho chini. Mshauri akamjibu kwamba mtoto anahitaji kujua si kosa lake, na anahitaji kumwona baba yake akiruka kisha akitulia. "Ukiondoka, ataona kule kuruka tu." Ila akaweka sharti: hakuna mtu wa kumjia kwa nyuma, mtoto wala mkubwa. Aitwe kwanza, ajiwe kwa mbele.

Mama mkwe alipoambiwa avue vitambaa milangoni, alinuna kama aliyenyang'anywa mjukuu. "Mtamuua mwanangu," akasema. Shemeji aliambiwa apige hodi kuanzia barabarani. Alijaribu kuleta mzaha wake, akapiga hodi kwa kuimba, na kwa mara ya kwanza kaka yake akatabasamu.

Baba mtu akamwita mwanawe, akakaa chini kabisa, mbali naye. "Siku ile nilikuumiza. Si kosa lako. Mwili wa baba unaogopa sauti, hata baba mwenyewe akiwa haogopi. Nataka unisaidie kuufundisha. Nitashika mkono wangu hivi, wewe uangushe kijiko. Nikiruka, ni sawa. Tunaangusha tena."

Mtoto akachukua kijiko. Akaenda jikoni, akarudi. Akakiinua, akakiachia, na hatukusikia kitu. Alikuwa amekifunga kwa kitambaa.

Nilitoka nje nikalia. Sikulia kwa mlipuko wala kwa wembe, lakini kwa kijiko kile nililia. Tulidhani tunamtibu mtu mmoja, kumbe hofu ilishahamia kwa mwingine, na huyo alikuwa hata meno ya mbele hayajabadilika.

Basi alianza mwenyewe. Akawa anaangusha kijiko, anashtuka, anatoa pumzi ndefu, anakiokota, anaangusha tena. Mtoto anamtazama kutoka nyuma ya mlango. Baadaye ikawa sufuria. Baadaye redio, sauti chini, kisha juu kidogo. Dukani aliteremsha kioo cha darini, jasho likimtoka kama anang'olewa jino. Wiki nzima alikuwa anainua macho darini pasipo na kitu. Kisha akateremsha cha mlangoni. Kahawa akaipunguza, kichwa kikamuuma siku chache, naye akawa mkorofi wa kupigwa. Usingizi ukaanza kurudi, vipande vipande.

Haikuwa safari ya kupanda tu, msidanganywe. Siku moja tairi la lori lilipasuka barabarani, nikamkuta chini ya meza yangu ya kusukia, amekumbatia miguu, wateja wawili wamesimama wanatazama. Nilijua tumerudi mwanzo. Nikakaa sakafuni mbele yake, nikasema jina la duka letu, nikasema ni mchana, nikasema ni tairi. Akawa anatoa pumzi, fupi, kisha ndefu. Akatoka. Akamalizia kichwa cha mteja kwa mashine. Jioni akaniambia kwamba wiki ile, kwa mshauri, alieleza jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu: kwamba asubuhi ile, kabla ya mlipuko, yule mpishi alikuwa anaimba upande wa pili wa ukuta, naye akagonga ukuta kumwambia apunguze sauti. Mpishi akanyamaza. Kisha ukuta ukaja.

"Nilimnyamazisha," akasema. Nikamshika mkono. 

Wembe hajaushika bado kwenye shingo ya mtu. Kwa mazoezi ananyoa maputo yaliyopakwa povu, nyumbani, na baadhi yameshapasuka, ameruka, na amepuliza jingine. Hofu yetu haikuwa wembe tena. Ilikuwa yule mtoto, ambaye alikuwa anaitika kwa kichwa, na akitaka kumpita baba yake anajibana ukutani. Nilikuwa namwogopea kila siku. Mtu mzima unaweza kumpeleka kwa mshauri akaeleza. Huyu mdogo tulimpeleka pia, akachora, akacheza na vidoli, hakusema kitu.

Mpaka juzi Jumamosi. Nilimjazia beseni la maji uani nimwogeshe. Akasema hataki. Nikamwambia ataoga. Akasema hataki, sauti ikapanda. Nikamvuta mkono, akajitupa chini, akalipiga beseni teke. Beseni la bati likapiga ukuta. Loo! Mlio ulijaa uani, na mume wangu, aliyekaa kivulini akinoa mikasi, akaruka mabega yakafika masikioni.

Mama mkwe akainuka mbio. "Shhh! Nyamaza! Baba yako!"

"Mama, mwache," mume wangu akasema. Rangi ilikuwa imemtoka usoni. Nyayo zote mbili zilikuwa chini, viganja wazi juu ya magoti, nami nikaona kifua kikishuka polepole.

Mtoto akalipiga tena. Baba akaruka tena, akabaki. Akalipiga tena. Nami nimesimama, roho mkononi, sijui nimkimbilie nani. Majirani wakachungulia. Mtoto akasimama, kamasi na matope, akamwendea baba yake moja kwa moja kwa mbele, akasimama anapoweza kufikiwa na mkono wake, akapiga kelele usoni mwake kwa nguvu zake zote: "Sitaki! Na wewe sikupendi! Sitaki kuoga!"

Mume wangu alikuwa anatetemeka hadi kidevu, machozi yanamtoka, na alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeitwa jina lake.

"Sawa, mama," akamwambia. "Lakini kuoga utaoga."